Umeambiwa umezidi sifa: namna ya kumjibu mwajiri anayeuogopa uzoefu wako

*"Nina miaka 52. Nimekuwa mhasibu mkuu kwa miaka 11, chini yangu watu 7, mpaka kampuni ilipofunga shughuli mwaka jana. Sasa naomba nafasi za mhasibu msaidizi kwa sababu nataka kazi ya kukaa na vitabu, nimechoka na vikao. Maombi mengi hayajibiwi kabisa. Mara mbili niliitwa kwenye usaili na mara zote mbili nikaambiwa nimezidi sifa. Mke wangu ananishauri nifiche shahada ya pili na nipunguze miaka kwenye wasifu. Nifanyeje? Na nikiulizwa uso kwa uso nijibu nini?"*

Hapo una matatizo mawili, na kila moja lina dawa yake. Maombi yasiyojibiwa yanakwama kwenye karatasi. Usaili ulioishia na "umezidi sifa" umekwama kwenye mazungumzo. Tutaanza na karatasi, kwa kuwa ndiko unakopoteza nafasi nyingi zaidi, ila kwanza inafaa uone anachokiona mtu wa upande wa pili wa meza.

Anayechuja maombi ana rundo mbele yake na kazi yake ni kulipunguza. Akikutana na mhasibu mkuu anayeomba uhasibu msaidizi, swali linalomjia ni moja: huyu anafuata nini hapa? Hawezi kukupigia simu akuulize, maana wapo waombaji wengine 30 wasiomletea swali lolote. Kama wasifu na barua yako havimjibu palepale, anakuweka kando bila chuki yoyote na bila hata kufikiria umri wako.

Ukishaitwa, "umezidi sifa" huwa ni kauli ya adabu inayofunika hofu fulani. Ya kwanza ni kwamba utaondoka mara upatapo cheo kinachokufaa, nao waanze upya kutangaza, kusaili na kufundisha. Ya pili ni pesa: hutaridhika na mshahara, au utaukubali leo kisha baada ya miezi minne uanze kunung'unika. Ya tatu ni ya msimamizi mwenyewe, ambaye pengine ana miaka 33 na anajiuliza atamwelekezaje mtu aliyefanya kazi ya bosi wake, au hata kama huyu mtu hatakuja kuikalia nafasi yake. Ya nne ni umri wenyewe, yaani kasi, mifumo mipya na uwezo wa kujifunza, na hiyo ni nadra mtu kuitamka.

Unaweza kuitambua hofu iliyopo kwa kusikiliza maswali. Wakitaka sana kujua unajiona wapi baada ya miaka mitano, wanaogopa utaondoka. Swali la mshahara likija dakika za mwanzo, tatizo ni pesa. "Ukikuta utaratibu usiokubaliana nao utafanya nini?" karibu daima ni swali la msimamizi anayejihofia. Na wakirudia mara tatu kukuuliza ni programu gani umewahi kutumia na lini, wanapima umri bila kuutaja. Mtu wa rasilimali watu huuliza zaidi kuhusu kukaa na mshahara, huku anayekwenda kufanya kazi nawe akiuliza kuhusu kuelekezwa. Wengi hushindwa kwa sababu hujibu hofu isiyokuwepo. Wanaapa kwamba mshahara mdogo hauwasumbui, wakati mwenye kuuliza anaogopa kuonekana mdogo mbele ya wafanyakazi wake.

Kuficha au kutoficha

Shauri la mkeo lina nusu ya ukweli. Wasifu ni uteuzi: unachagua yanayohusiana na kazi unayoomba, na hakuna anayekudai uorodheshe kila kitu. Fomu ya maombi ni jambo jingine. Fomu ikisema "taja elimu yako yote" au "taja ajira zako zote", na chini yake unatia saini kwamba maelezo ni kamili na ya kweli, jaza yote. Ukiacha kitu kwa makusudi hapo, unampa mwajiri sababu ya kukuachisha kazi hata baada ya miaka miwili, na kwa mhasibu, ambaye mali yake ni kuaminika, doa la namna hiyo halifutiki.

Kwa hiyo shahada ya pili, ikiwa ni ya uongozi wa biashara na tangazo halikuitaja, unaweza kuiacha nje ya wasifu. Ukiulizwa, itaje bila kigugumizi. Cheti cha taaluma ya uhasibu kisiguswe, kwa kuwa hicho kinahitajika na kukosekana kwake kutaibua maswali mapya.

Cheo usikibadilishe kamwe. Kuandika "mhasibu" mahali ulipokuwa "mhasibu mkuu" kunaonekana kama unyenyekevu, lakini simu moja kwa mwajiri wako wa zamani inatosha kukuumbua. Kuikata miaka nako hakukusaidii wewe. Kanuni inayotumika sana ni kueleza kwa kina miaka 10 hadi 15 ya karibuni, na ya nyuma yake kuiweka kwenye mstari mmoja unaoitwa "Kazi za awali", bila tarehe. Ni kanuni nzuri, ifuate, na ondoa pia miaka ya kuhitimu, tarehe ya kuzaliwa na picha kama hazikuombwa. Ila angalia: miaka yako 11 ya ukuu ndiyo ya karibuni kabisa. Ukiikata utabaki na shimo la miaka 11, na shimo linatisha kuliko cheo. Ibaki, ila uipime upya.

Kupima upya kazi ileile

Bila shaka wasifu wako sasa unasema kitu kama hiki:

> Mhasibu Mkuu. Nilisimamia idara ya watu 7, niliandaa bajeti ya mwaka, niliiwakilisha kampuni mbele ya wakaguzi na mabenki, nilishauri bodi kuhusu sera ya fedha.

Kila neno ni kweli na hakuna hata moja linalohusu kazi unayoomba. Msomaji akilinganisha na tangazo lake, ankara za wauzaji, usuluhishi wa benki na maandalizi ya kufunga mwezi, haoni mahali pa kukutia. Iandike hivi:

> Mhasibu Mkuu. Nilisuluhisha akaunti tatu za benki kila mwezi. Nilikagua ankara za wauzaji, kati ya 200 na 250 kwa mwezi, kabla ya kulipwa. Nilifunga hesabu za mwezi ndani ya siku 5 za kazi na kuandaa majedwali ya wakaguzi. Pia nilisimamia timu ya watu 7.

Idadi hizo ni mfano, weka zako. Cheo kimebaki na usimamizi umebaki, ila umeshuka hadi sentensi ya mwisho. Kazi za mikono zimepanda juu, na zimeandikwa kwa idadi na muda ili anayechuja aone kwamba unaijua kazi kwa ndani.

Hapa kuna mtego ambao watu wenye vyeo hawapendi kuusikia. Je, kweli ulisuluhisha wewe, au wale 7 ndio waliosuluhisha nawe ukatia saini? Kama ulitia saini tu, andika "nilikagua na kuidhinisha", usiandike "nilifanya". Kisha kabla ya kutuma ombi jingine lolote, kaa uifanye kazi yenyewe mpaka vidole vikumbuke. Nafasi ndogo mara nyingi huja na jaribio la vitendo, na hakuna kinachothibitisha hofu ya "huyu ni bosi, si mtendaji" kama mhasibu mkuu anayehangaika nusu saa na jaribio la mhitimu wa juzi.

Jaribio la kawaida ni hili: unapewa taarifa ya benki na daftari la fedha la mwezi mmoja, salio mbili zinatofautiana, utafute kwa nini. Hundi zilizotolewa ambazo benki haijazilipa, pesa zilizowekwa siku ya mwisho zisizoonekana benki, ada za benki zisizoingizwa daftarini, na karibu kila mara kosa moja la kupindua tarakimu limepandwa humo. Tofauti inayobaki ikigawanyika kwa 9 bila baki, shuku kupinduliwa: 5,430 iliyoandikwa 5,340 inaacha tofauti ya 90, na 90 ni 9 mara 10. Mtu wa siku nyingi anayetumia kanuni hiyo kwa sauti mbele ya msaili, kisha akaweka marekebisho kwenye daftari na si kwenye taarifa ya benki, ameshajibu maswali matatu ambayo hayajaulizwa.

Fanya mazoezi kwenye lahajedwali, usifanye kwenye karatasi. Kama mara ya mwisho ulitumia `VLOOKUP`, jifunze `XLOOKUP` na `SUMIFS`, na ujue kutengeneza jedwali la muhtasari kutoka kwenye miamala 500. Ni kazi ya jioni chache. Ukisoma kozi fupi ya programu ya uhasibu iliyotajwa kwenye tangazo, iweke ya kwanza kwenye sehemu ya mafunzo, pamoja na mwaka wake. Huo ndio mwaka pekee wa masomo unaopaswa kuonekana, na unajibu swali la umri bila umri kutajwa.

Mwisho wa habari za wasifu ni ile aya fupi ya juu kabisa. "Kiongozi wa fedha mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 25" inamwambia msomaji mambo mawili usiyotaka aanze nayo. "Mhasibu wa ankara na usuluhishi wa benki, mzoefu wa kufunga mwezi kwa wakati" inatosha.

Aya moja ya barua

Barua ndiyo mahali pa kujibu "anafuata nini hapa", na jibu liwe kwenye aya ya pili. Wengi huliacha hadi mwishoni, na mchujaji hafiki huko. Mfano:

> Katika kazi yangu ya mwisho nilikuwa mhasibu mkuu. Naomba nafasi hii ya mhasibu msaidizi kwa makusudi: sehemu ya kazi ninayoipenda na kuifanya vizuri ni ankara, usuluhishi na kufunga mwezi, na hiyo ndiyo kazi tangazo lenu linayoieleza. Nimeona kiwango cha mshahara mlichotangaza nami nakikubali. Mwajiri wangu wa mwisho nilimtumikia miaka 11, mpaka alipofunga shughuli.

Sentensi nne, na hofu mbili zimeguswa: pesa na kuondoka. Kufungwa kwa kampuni kumetajwa kwa maneno machache tu. Ukikueleza kwa aya nzima kunaonekana kama kidonda.

Sasa rudi kwenye swali lako mwenyewe. Umeandika kwamba umechoka na vikao. Ni kweli, na ni haki yako, lakini usiitamke sentensi hiyo mbele ya mwajiri. Mtu wa miaka 52 akisema amechoka, kinachosikika ni uchovu, vikao havisikiki. Sababu yako ielekee mbele, kwenye kazi unayoiendea, isielekee kwenye ile unayoikimbia. "Nataka kupumzisha akili kabla ya kustaafu" ni mbaya zaidi. "Niko tayari kufanya kazi yoyote" nayo inaumiza, kwani mwenye dhiki ya leo ndiye anayeondoka kesho dhiki ikiisha.

Kauli inayodanganya kuliko zote ni "kwa uzoefu wangu nitawasaidia kuboresha idara nzima." Unadhani unaongeza thamani. Msimamizi wa miaka 33 anasikia kwamba umekuja kumkagua. Thamani ya ziada ipo, tena yeye mwenyewe ataigundua ukishaingia, ila usiifanye ndiyo bidhaa unayouza.

Kwenye usaili

"Huoni kazi hii ni ndogo kwako?" litakuja, basi liandalie jibu lisilozidi nusu dakika. Kubali kilicho kweli, toa sababu, toa ushahidi, kisha nyamaza. Kwa mfano: "Cheo ni kidogo kuliko nilichokuwa nacho, ndiyo. Kazi yenyewe ndiyo ninayoitaka. Mwaka wangu wa mwisho, pamoja na usimamizi wote, usuluhishi wa akaunti kuu niliufanya mwenyewe kwa sababu sikutaka kuuacha." Mfano huo utumie kama ni kweli kwako. Kama si kweli, tafuta wa kwako, kwa sababu bila ushahidi wowote unabaki na ahadi, na ahadi wamezisikia nyingi.

Wanaokosea hapa hukosea kwa namna tatu. Wengine hucheka kana kwamba swali ni utani. Wengine hujitetea dakika tatu nzima, na kila dakika inaongeza shaka. Wengine huvimba na kuuliza kwa nini wanabaguliwa, na hata kama wana haki, mlango umeshafungwa.

Likija swali la kuondoka, usiape kwamba utakaa maisha. Hakuna anayeamini, na kijana anayesailiwa baada yako hataulizwa hivyo. Taja muda unaoweza kuusimamia: "Najipanga kukaa angalau miaka mitatu. Nafasi za ukuu zinatangazwa, ila siziombi." Sentensi hiyo ya pili iseme tu ikiwa huziombi kweli, kwa sababu wahasibu wanajuana na habari husafiri. Ukitaka kuongeza uzito, jitolee kukubali notisi ndefu kuliko ya kawaida kwenye mkataba, tuseme miezi miwili badala ya mmoja. Inakugharimu kidogo na inamwondolea mwajiri ile hofu ya kuachwa ghafla katikati ya kufunga mwaka.

Swali la kusimamiwa na mdogo wako ndilo linalohitaji uangalifu mkubwa. Jibu baya ambalo karibu kila mtu hulitoa ni, "Sina shida na vijana, hata mimi nina watoto wa umri huo." Umemfanya bosi wako mtarajiwa kuwa mwanao. Usimwite "kijana wangu" wala "mwanangu", na hata yeye akikuita mzee kwa heshima, wewe mwite kwa cheo au jina analolitumia ofisini. Kisha ueleze utaratibu wako wa kupokea maelekezo, maana utaratibu unaaminika kuliko hisia: "Nikielekezwa kitu nisichokubaliana nacho, nasema mara moja, tukiwa wawili, na nikiwa na hesabu mkononi. Ukishaamua, nafanya ulivyoamua. Kitu pekee nisichofanya ni kuandika kisicho kweli kwenye vitabu." Sentensi ya mwisho haipunguzi utii. Katika kazi hii ndiyo inayomfanya msimamizi alale usingizi.

Baada ya hapo muulize yeye: "Ungependa nikuletee vitu visivyosuluhika kila siku, au nivikusanye mpaka Ijumaa?" Swali hilo dogo linafanya kazi kubwa. Kwa sekunde kadhaa linamweka kwenye kiti cha bosi na wewe kwenye kiti cha msaidizi, na anaona inawezekana. Usiulize mawili matatu ya namna hiyo mfululizo, litakuwa igizo.

Pesa

Chukua mshahara wako wa zamani kuwa 100, na nafasi hii inalipa kati ya 40 na 48. Kabla ya kuomba, kaa na mkeo mpige hesabu: kodi, ada, madeni, chakula. Kama nyumba yenu inahitaji 55, nafasi hii usiiombe, kwa sababu hofu ya mwajiri kwamba utaondoka ni sahihi, na utaondoka. Kama mnahitaji 42, sasa una jibu la kweli: "Nimeshapanga matumizi ya nyumbani kwa kiwango hiki." Hakuna maelezo mengine yanayohitajika.

Ukiwa na sakafu ya 42, usijitolee kwa 35 ili upendwe. Kuuza chini ya kiwango kilichotangazwa kunamfanya mwajiri ajiulize una kasoro gani, na kunaandaa manung'uniko yaleyale anayoyaogopa. Omba ndani ya kiwango. Nusu ya juu, 45 au 46, ni ombi la haki kwa mtu asiyehitaji kufundishwa miezi mitatu.

Kama kiwango hakikutangazwa, uliza kwanza: "Mmepanga kiwango gani kwa nafasi hii?" Wakikubana kuhusu mshahara wako uliopita, usidanganye namba. Sema, "Ulikuwa wa cheo cha usimamizi. Nafasi hii naipima kwa kiwango chake." Wakisisitiza, utaje kisha urudi mara moja kwenye kiwango cha nafasi, kabla ukimya haujaifanya ile 100 iwe ndiyo habari ya siku.

Wadhamini

Watu huwasahau, na nafasi nyingi hufia hapa baada ya usaili mzuri. Mdhamini wako anapigiwa simu, naye kwa mapenzi yote anasema, "Huyu? Mtapata bahati, ameongoza idara nzima, ni kiongozi wa kuzaliwa." Amekumaliza. Chagua mtu aliyekusimamia wewe, kama mkurugenzi wa fedha, badala ya uliowasimamia. Mtumie tangazo la kazi, mwambie kwa nini unaitaka, na umwombe azungumzie usahihi wako, kutimiza tarehe na namna ulivyopokea maelekezo yake. Si kumfundisha uongo. Ni kumwonyesha upande upi wa ukweli unaohusika.

Pale ambapo ni umri tu

Kuna mahali utafanya yote haya sawasawa na bado watataka mtu wa miaka 25. Ubaguzi wa umri katika ajira umekatazwa na sheria za nchi nyingi. Marekani ina sheria yake tangu 1967, ambayo sasa inawalinda walio na miaka 40 na zaidi, na Shirika la Kazi Duniani lilitoa Pendekezo namba 162 kuhusu wafanyakazi wenye umri mkubwa mwaka 1980. Tatizo ni ushahidi. "Umezidi sifa" peke yake ni vigumu kuithibitisha kuwa ni umri, kwa kuwa mwajiri atasema aliogopa utaondoka. Mtu akikuambia waziwazi "tunatafuta kijana", andika maneno hayo siku hiyohiyo pamoja na tarehe na jina lake, hifadhi tangazo na barua pepe, kisha umwone mtu wa sheria za kazi huko uliko mapema, maana madai ya namna hii huwa na ukomo wa muda.

Kwa upande wa kutafuta, elekeza nguvu pale ambapo uzoefu ni unafuu kwa mwajiri: ofisi ndogo yenye mhasibu mmoja na msaidizi mmoja, ambako mkubwa akienda likizo hakuna wa kushika, nafasi ya muda ya kumshikia mtu aliye likizo ya uzazi, mkataba wa miezi 6 wa kusafisha hesabu zilizorundikana. Kwenye mkataba mfupi hofu ya kuondoka inapoteza maana, na baada ya miezi 6 wanakuwa wamekwisha kukuona ukifanya kazi. Kampuni kubwa inayopokea mamia ya maombi kwa mfumo wa kuchuja ndiko utakakopotea zaidi.

Na wale wawili waliokukataa, usiwafute. Ukipata jibu la "umezidi sifa" safari ijayo, andika siku hiyohiyo ujumbe mfupi:

> Asante kwa kunijulisha. Kama wasiwasi ulikuwa ni muda nitakaokaa au mshahara, niko tayari kulizungumza hilo moja kwa moja. Na kama mtakayemchagua hataendelea, nafasi hii bado naitaka.

Usibishane humo, wala usiambatishe wasifu upya. Aliyechaguliwa wakati mwingine hukataa barua ya ajira akiwa na nyingine mkononi, na wengine hawamalizi kipindi cha majaribio. Kwa hiyo weka alama kwenye kalenda miezi mitatu mbele, au muda wowote ambao mwajiri huyo hutumia kwa majaribio, uandike mara moja tena, sentensi mbili. Wasipojibu hapo, usiandike mara ya tatu.